Rangi ya Kahawa Haisemi Nguvu Yake

Ukiingia duka kubwa la Moshi, Dar es Salaam au Nairobi kununua kahawa ya kupika nyumbani, mara nyingi utakuta pakiti tatu za kampuni moja, uzito mmoja, bei zinazokaribiana. Kinachozitofautisha ni kiwango cha kukaangwa: moja ina kahawa iliyokaangwa kidogo, ya pili imekaangwa kiasi, ya tatu imekaangwa sana hadi ikawa nyeusi. Hapo wanunuzi wengi huamua kwa imani moja, kwamba nyeusi ndiyo yenye nguvu na ile iliyopauka ni ya watu wasiojua kahawa. Anayetaka kukesha na kazi huchukua nyeusi. Aliyeshauriwa na daktari apunguze kafeini huchukua iliyopauka. Wote wawili wanaweza kurudi nyumbani na kinyume cha walichokitafuta.

Moto hubadilisha ladha ya kahawa na uchachu wake kwa kiasi kikubwa sana. Kafeini haiigusi ila kidogo. Mnunuzi akilielewa hilo, pakiti zile tatu hazimbabaishi tena, kwa sababu anajua kila moja inauza nini na swali la nguvu anaenda kuliuliza mahali pengine.

Ndani ya pipa la kukaangia

Tuchukue kilo moja ya arabika iliyokobolewa, kutoka vijiji vya miteremko ya Kilimanjaro. Rangi yake ni kijani kilichofifia, punje zake ni ngumu, na ukiinusa inatoa harufu ya nyasi kavu. Ndani yake maji ni kama asilimia 11. Mkaangaji anaimimina kwenye pipa la chuma linalozunguka juu ya moto, na kwa dakika chache za mwanzo hakuna kubwa la kuona: maji yanakauka, punje zinageuka manjano. Joto la punje likipita nyuzi 150 hivi, sukari na protini zinaanza kuungana, rangi inaingia ukahawia, na harufu ya nyasi inaipisha harufu ya mkate unaookwa.

Joto linapokaribia nyuzi 196, punje zinaanza kualika kwa sauti, kama bisi sufuriani. Mvuke na gesi vilivyobanwa ndani vimeshindwa kuvumilia, vinapasua kuta za punje, nazo zinavimba. Huu ndio mlio wa kwanza, na kila mkaangaji huutegea sikio, kwa maana kabla yake kahawa bado ni mbichi na haifai kunyweka. Akiitoa mara tu mlio huo unapomalizika, amepata mkaango mwepesi. Punje ni za kahawia iliyopauka, zimekauka kabisa juu, na ile kilo moja sasa ina gramu 870 hivi, kwa kuwa maji na gesi vimekwenda zao.

Akiiacha iendelee, moto unaingia katika ukimya mfupi. Hapo katikati, kuanzia nyuzi 210 hadi 220, ndipo panapotoka mkaango wa kati. Punje zinakuwa za kahawia iliyokolea, bado kavu, na uzito umeshuka hadi gramu 850 hivi.

Kwenye nyuzi 224 au zaidi kidogo unakuja mlio wa pili. Huu ni mwembamba na wa haraka kuliko wa kwanza, maana sasa ni kuta zenyewe za punje zinazovunjika. Moshi unaongezeka, mafuta yaliyokuwa ndani yanapata njia ya kutoka, na punje zinaanza kung'aa. Kuanzia hapo ni mkaango mweusi. Ile kilo imebaki gramu 800, na kama mkaangaji hakuwa mwangalifu, hata chini ya hapo. Kati ya mkaango wa kati na mweusi ni dakika moja au mbili tu, ndiyo maana kazi hii haifanywi na mtu anayezungumza na simu.

Vipimo hivi hupishana kidogo kati ya mashine na mashine, lakini mpangilio wa matukio haubadiliki.

Ladha na uchachu

Punje mbichi imejaa asidi za matunda, zikiwamo zile zilizomo kwenye ndimu na tofaa, pamoja na kundi jingine la asidi zinazoitwa klorojeniki, ambazo kahawa inazo kwa wingi. Moto huzivunja zote kidogo kidogo. Katika mkaango mwepesi nyingi bado zipo, ndiyo maana kikombe chake kina uchachu unaosikika kwenye kingo za ulimi, pamoja na harufu ya maua au matunda. Hapo ndipo mahali ilipolimwa kahawa pananena. Arabika ya Nyeri au Kirinyaga yenye aina ya SL28, mti uliochaguliwa katika maabara za Scott nchini Kenya enzi za ukoloni, inajulikana duniani kwa uchachu mkali wa matunda. Arabika ya Kilimanjaro nayo ina uchachu, ila mara nyingi ni mtulivu zaidi. Tofauti hiyo ya shamba na shamba utaionja vizuri katika mkaango mwepesi na wa kati.

Kadiri moto unavyoendelea, asidi zinapungua na sukari inaungua. Katika mkaango wa kati vitu hivi viwili vinakutana: uchachu bado upo lakini umelegea, na utamu wa sukari iliyoungua kidogo umejitokeza, pamoja na ladha inayokaribia kakao au karanga zilizokaangwa. Katika mkaango mweusi uchachu umekwisha kwa sehemu kubwa. Sukari imevuka utamu na kuwa chungu, na mabaki ya zile asidi za klorojeniki yamegeuka kuwa kemikali nyingine zenye uchungu unaokaa mdomoni muda mrefu. Kikombe kinakuwa kizito, kina moshi, na ladha ya shamba imefunikwa na ladha ya moto. Weka mezani arabika ya Mbinga na ya Kirinyaga zote zikiwa zimekaangwa hadi kung'aa mafuta, na hata mwonjaji mzoefu atapata kazi kuzitenganisha.

Uchungu huo si aibu. Kahawa chungu ya pwani, ile inayopikwa kwenye dele juu ya makaa na kumiminwa katika vikombe vidogo barazani, imejengwa juu yake. Kahawa hiyo hukaangwa sana, huchemka muda mrefu, na huandamana na kashata au halua. Uchungu wa kikombe na utamu wa kashata vinatafutana. Mkaango mwepesi ukiupika namna ile, kisha ukaunywa na kashata, utapata kitu kichachu kisichopatana na chochote kilicho mezani. Huko Saudia, kwa upande mwingine, kahawa ya wageni hukaangwa kidogo sana hata ikitoka ina rangi ya dhahabu, na iliki ndiyo inayobeba harufu. Kila mkaango una mapishi yake na mahali pake.

Neno uchachu huwatisha watu wenye kiungulia, na hapa panahitaji maelezo. Uchachu unaouonja ulimini si kipimo cha asidi itakayokusumbua tumboni. Ukipima kikombe cha kahawa yoyote kwa kipimo cha pH utakuta kiko karibu na 5, na kati ya mkaango mwepesi na mweusi tofauti ni ndogo. Maji ya ndimu yanakaribia 2, yaani asidi yake ni kali mara mamia. Kuna watu ambao matumbo yao huupokea mkaango mweusi vizuri zaidi, nao hawana sababu ya kuuacha. Lakini kinachosumbua wengi ni wingi wa kahawa na kuinywa kabla ya kula, na hayo kubadilisha pakiti hakuyaponyi.

Kafeini iko kwenye mti na kwenye mizani

Wahaya wa Kagera tangu zamani hutafuna kahawa iliyochemshwa na kukaushwa, bila kuikaanga kabisa, na mtafunaji huchangamka. Kafeini huwamo ndani ya punje tangu ikiwa mtini, moto hauitengenezi. Wala moto wa kukaangia hauiondoi kwa kiasi cha maana, hata kahawa ikiwa nyeusi tititi.

Turudi kwenye kilo yetu ya Kilimanjaro. Arabika ina kafeini ya asilimia 1.2 hivi ya uzito wake, kwa hiyo kilo moja mbichi ina gramu 12. Mkaango mwepesi umebakiza gramu 870 za kahawa, na kafeini ni ileile karibu yote. Ukigawa, kila gramu ina miligramu 13.8 hivi. Mkaango mweusi umebakiza gramu 800, kafeini ileile, na kila gramu ina miligramu 15. Mtu anayepima gramu 10 kwenye mizani kwa kikombe chake atakuwa na miligramu 138 katika kahawa nyepesi na 150 katika nyeusi. Kwa mizani, nyeusi imetangulia kidogo.

Lakini wengi wetu hatupimi kwa mizani, tunachota kwa kijiko. Kahawa nyeusi imevimba na kupoteza uzito, kwa hiyo kijiko kinachobeba gramu 10 za nyepesi kitabeba kama gramu 8 tu za nyeusi. Gramu 8 mara 15 ni miligramu 120. Kwa kijiko, nyepesi ndiyo iliyotangulia, 138 kwa 120. Mwenye mizani na mwenye kijiko wanaweza kubishana mchana kutwa na wote wakawa na haki, na tofauti wanayoibishania ni ndogo kuliko ile inayoletwa na kijiko kilichojaa na kijiko kilichosawazishwa.

Sasa badilisha mti. Robusta, ambayo ndiyo kahawa nyingi ya Kagera na ya Uganda, ina kafeini ya asilimia 2.2 hivi. Kilo moja mbichi ina gramu 22, na ikikaangwa hadi kuwa nyeusi kila gramu inabaki na miligramu 27 au 28. Kikombe cha gramu 10 kimeanza na miligramu 275. Hapo ndipo ilipo nguvu inayotafutwa na mwenye kukesha, na hapo ndipo anapopaswa kuwa mwangalifu yule aliyeambiwa apunguze. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Umoja wa Ulaya, katika tathmini yake ya mwaka 2015, iliona kuwa miligramu 400 kwa siku hazina tatizo kwa mtu mzima mwenye afya, na kwa mama mjamzito miligramu 200. Vikombe viwili vya robusta iliyojaa vinaweza kuvuka mpaka wa kwanza, na kimoja kikavuka wa pili. Hilo halitegemei rangi ya kahawa hata kidogo.

Kuchanganya robusta na arabika ni jambo la kawaida na halina kosa, maana robusta huongeza uzito na povu na hushusha bei. Ila pakiti iandike. Mara nyingi robusta hukaangwa sana ili kulainisha ukali wake wa asili, na huenda ndiyo iliyowafundisha watu kwamba kahawa nyeusi huondoa usingizi. Waliyaona yote mawili katika kikombe kimoja, wakadhani rangi ndiyo chanzo.

Ukiwa mbele ya rafu

Geuza pakiti kwanza utafute aina ya mti. Ikiwa imeandikwa arabika asilimia 100, umejua kiwango cha kafeini bila kuangalia rangi. Ikiwa haikusema kitu na bei yake ni ya chini mno, chukulia kwamba kuna robusta ndani. Usiidhanie herufi AA kuwa alama ya mkaango au ya nguvu. Nchini Tanzania na Kenya herufi hizo hueleza ukubwa wa punje, zile zinazobaki juu ya chekeche yenye matundu ya milimita 7 hivi. Punje kubwa hupendwa sokoni, lakini punje kubwa iliyokaangwa vibaya ni kahawa mbaya.

Pili, tafuta tarehe ya kukaangwa, siyo ya mwisho wa matumizi pekee. Ya mwisho wa matumizi inaweza kuwa mwaka mzima mbele na isikwambie lolote. Kahawa nzima iliyofungwa vizuri huwa katika ubora wake ndani ya mwezi mmoja au miwili baada ya kukaangwa. Ikishasagwa huanza kupoteza harufu ndani ya siku chache. Mkaango mweusi huchakaa mapema kuliko mwingine, kwa sababu punje zake zina vinyweleo vikubwa na mafuta yake yamekwisha kutoka nje, yanakutana na hewa na kuchacha. Ukifungua pakiti ya kahawa nyeusi ukakuta harufu ya mafuta ya zamani ya kukaangia, imekwisha muda wake hata kama tarehe inasema bado. Kwa hiyo mpenzi wa nyeusi anunue gramu 250 mara kwa mara badala ya kilo nzima.

Tatu, ukipata nafasi ya kuziona punje, ziangalie. Mkaango mwepesi na wa kati uwe mkavu na wenye rangi moja. Punje zenye madoa meusi upande mmoja zimeungua kwenye chuma. Tafuna moja: iliyokaangwa sawasawa inavunjika kwa mlio, na iliyotolewa mapema mno ni ngumu kama ilivyokuwa mbichi na ina ladha ya nyasi au karanga mbichi. Ivunje nyingine uangalie ndani. Ikiwa nje ni nyeusi na ndani imepauka sana, moto ulikuwa mkali mno na kazi ilifanywa haraka. Uchachu wa mkaango mwepesi uliofanywa vizuri una utamu nyuma yake. Uchachu mtupu unaokausha mdomo ni ubichi, na haupaswi kuuzwa kwako kama ufundi.

Kwenye nyeusi kuna tahadhari nyingine. Moto mwingi hufunika dosari: punje za ukungu, zilizochacha wakati wa kuvundikwa, zilizokaa ghalani misimu miwili. Mkaangaji mwaminifu hutengeneza kahawa nyeusi nzuri kwa punje nzuri, na wapo. Lakini asiye mwaminifu naye huupenda mkaango mweusi, kwa kuwa unamsaidia kuficha. Ukiona pakiti nyeusi inayong'aa mafuta ikiuzwa kwa bei ya juu kwa sababu ya jina la kijiji au shamba, jiulize unalipia nini. Ladha ya kijiji hicho imebaki kidogo mno ndani yake.

Mwisho tazama namna unavyopika. Kwa kahawa ya kuchuja isiyotiwa maziwa, mkaango mwepesi au wa kati utakupa thamani ya fedha yako. Anza na gramu 10 kwa mililita 160 za maji, na kwa nyepesi tumia maji yaliyotoka tu kuchemka na usage laini kidogo, kwa sababu punje zake ni ngumu na hutoa ladha polepole. Watu wengi hulaumu mkaango mwepesi kwa uchachu ambao umetokana na maji ya vuguvugu. Kwa nyeusi acha birika litulie dakika moja au mbili kabla ya kumimina, la sivyo uchungu utazidi. Kwa anayependa maziwa na sukari, wa kati uliokolea au mweusi ndio unaostahimili. Mwepesi hupotea ndani ya maziwa, na uchachu wake unaweza hata kuyakata. Kwa dele la kahawa chungu, mweusi.

Kama bado huna uhakika, nunua pakiti mbili ndogo za kahawa ya mahali pamoja, moja nyepesi na moja nyeusi, uzipike kwa uzito mmoja na maji yaleyale, kisha uzionje zikiwa moto na tena zikipoa. Uchachu husikika vizuri kikombe kikiwa kimepoa kiasi. Baada ya hapo hutahitaji kuambiwa na mtu ipi ni yako.

Ukitaka uchachu na ladha ya shamba, chukua nyepesi. Ukitaka utamu na mizani, chukua ya kati. Ukitaka uchungu na uzito, chukua nyeusi. Ukitaka kafeini zaidi, au pungufu, achana na rangi: soma aina ya mti, kisha pima kijiko chako.